Ramani ya Shamba Huanzia Chini, Kabla Droni Haijaruka

Shamba la mahindi la hekta 24, karibu ekari 60, halikaguliki lote kwa miguu. Bwana shamba hutembea kingo mbili tatu, huingia mistari michache ya katikati, kisha hukisia yaliyobaki. Droni ndogo yenye kamera hulipiga picha shamba kama hilo kwa chini ya saa moja, na kompyuta huziunga picha hizo mamia zikawa ramani moja. Juu ya ramani hiyo unaweza kupima upana wa pengo ambalo mbegu hazikuota, au kuchora mpaka wa mahali maji yalipotuama.

Safari hiyo droni huifanya yenyewe. Mtu anayeiangalia hashiki usukani. Husimama tayari kuingilia kati mambo yakiharibika. Kila kitu kimekwisha kuamuliwa: ipande hadi wapi, ielekee wapi, igeukie wapi, ipige picha kila baada ya mita ngapi. Ramani ikitoka mbovu, mara nyingi ubovu umetokana na mpango huo. Na katika mpango mzima hakuna jambo linaloharibu kazi kimyakimya kama urefu wa kuruka, hasa pale mpangaji anapodhani kwamba urefu alioandika ndio urefu ambao droni itakuwa nao juu ya mimea.

Tuchukue shamba la mfano katika nyanda za Mbozi, mkoani Songwe. Lina urefu wa mita 600 na upana wa mita 400. Limelala mteremkoni, na ukingo wake wa juu unazidi ule wa chini kwa mita 30. Mtu akisimama pale haoni mlima. Anaona shamba la kawaida la nyanda za juu. Mahindi yana wiki ya tano, mbolea ya kukuzia haijawekwa, na mwenye shamba anataka kujua ni sehemu zipi zimeota vizuri kiasi cha kustahili mbolea hiyo.

Swali hilo ndilo linaloamua kila kitu kinachofuata, kwa hiyo nalitanguliza. Anayetaka kuhesabu miche mmoja mmoja anahitaji picha za karibu sana. Anayetafuta mapengo na madimbwi hahitaji. Wapangaji wengi huruka chini kuliko inavyohitajika, kwa kuamini kwamba picha kali zaidi ni bora siku zote, kisha wanalipia ukali huo kwa betri, kwa muda, na kwa kompyuta inayokesha ikichakata.

Kamera inayobebwa na droni nyingi za kazi hii ina kihisi cha inchi moja na pikseli 5472 kwa upande mrefu wa picha. Kamera ya namna hiyo, yenye lenzi ya milimita 8.8, ina hesabu rahisi kukumbuka. Ikitazama chini moja kwa moja, picha hufunika ardhi yenye upana wa mara moja na nusu ya urefu wa kuruka, na kina kilicho sawa na urefu huo. Ukiruka mita 80 juu ya ardhi, picha moja hufunika mita 120 kwa 80, na kila pikseli huwa na sentimita 2.2 za ardhi. Mistari ya mahindi ikipandwa kwa nafasi ya sentimita 75, kati ya mstari na mstari kuna pikseli 34. Hapo pengo la miche mitatu linaonekana bila shida yoyote.

Picha moja haitoshi kufanya ramani, na wala picha zilizogusana kingo hazitoshi. Kompyuta huweza kuziunga pale tu kitu kilekile kinapoonekana katika picha kadhaa, kila moja ikiwa imekitazama kutoka mahali tofauti. Ndiyo maana picha hupangwa zilaliane, kama kuti linavyolalia kuti lililo chini yake kwenye paa. Kwa shamba la mimea napendelea asilimia 80 kati ya picha na picha katika mstari mmoja wa safari, na asilimia 70 kati ya mstari na mstari. Kwa picha yenye kina cha mita 80, asilimia 80 maana yake ni kupiga kila baada ya mita 16. Kwa upana wa mita 120, asilimia 70 maana yake ni kutenganisha mistari kwa mita 36.

Sasa mpango unajichora. Upana wa shamba wa mita 400 unahitaji mistari 13 yenye nafasi ya mita 36. Kila mstari una urefu wa mita 600, na tunaongeza mita 20 kila upande ili droni igeukie nje ya shamba, kwa hiyo ni mita 640. Katika kila mstari kutakuwa na picha 41, na kwa mistari yote 13 ni picha 533. Andika idadi hiyo kwenye daftari, maana tutairudia. Njia yote pamoja na mageuko ni karibu kilomita 8.75. Droni ikienda mita 6 kwa sekunde itatumia dakika 24 na zaidi kidogo, na betri ya droni ndogo ya aina hii haipaswi kuendeshwa muda wote huo hadi kuisha. Panga betri mbili, ya kwanza irudi ikiwa bado na akiba ya theluthi au robo, ya pili imalizie.

Mpango huu kwenye skrini unapendeza: mistari iliyonyooka juu ya picha ya satelaiti, kila kituo na namba yake. Tatizo lake ni kwamba skrini imelichora shamba kama meza iliyo sawa.

Droni nyingi, usipoziambia vinginevyo, hupima urefu kuanzia mahali ziliporukia. Tuseme rubani ameegesha gari barabarani, chini ya shamba, kwa sababu ndipo gari linapofika. Ameandika mita 80. Mstari wa kwanza, karibu na barabara, uko mita 80 juu ya mahindi. Kadiri droni inavyosogea kuelekea ukingo wa juu, yenyewe inabaki palepale angani huku ardhi ikipanda kuifuata. Ikifika mstari wa mwisho, ardhi imepanda mita 30, na droni iko mita 50 tu juu ya mimea.

Kwa mita 50, picha haifuniki tena mita 120 kwa 80; inafunika mita 75 kwa 50. Lakini mistari bado imetengana kwa mita 36, na kamera bado inapiga kila baada ya mita 16, kwa kuwa ndivyo ilivyoamriwa. Asilimia 70 za kulaliana kati ya mistari zimeshuka hadi 52, na asilimia 80 za ndani ya mstari zimeshuka hadi 68. Hakuna taa nyekundu itakayowaka. Droni itamaliza safari, itatua, na idadi ya picha itakuwa 533 kamili. Usiku, mbele ya kompyuta, ndipo itakapojulikana kwamba robo ya juu ya shamba ina matundu.

Kuna njia tatu za kujiokoa. Ya kwanza haina gharama yoyote: rukia kutoka juu. Ukisimama kwenye ukingo wa juu na kuandika mita 80, hapo ndipo droni itakapokuwa karibu zaidi na mimea, na kwingine kote itakuwa mbali zaidi. Chini kabisa itakuwa mita 110 juu ya ardhi. Picha zake hapo zitalaliana kwa asilimia 78 kati ya mistari na zaidi ya 85 ndani ya mstari, na pikseli itakuwa na sentimita 3. Utapoteza ukali kidogo upande wa chini, lakini hutapata tundu hata moja. Kwa mkulima anayetafuta mapengo, hasara hiyo si kitu. Chunga tu kwamba bonde lisiwe refu kiasi cha kuipitisha droni mita 120 juu ya ardhi, kimo ambacho kanuni za anga za nchi nyingi hazikiruhusu bila kibali maalumu.

Njia ya pili ni kupanga mistari ifuate kontua, yaani iende kwa kuukingama mteremko bila kupanda wala kushuka, kisha kila mstari upewe urefu wake. Katika shamba letu ardhi hushuka mita 2.7 kwa kila mita 36, kwa hiyo kila mstari unaofuata unashushwa kwa kiasi hicho. Programu ya Mission Planner, inayotumika kwa droni zenye mfumo wa ArduPilot, huhifadhi mpango katika faili ya maandishi ya kawaida, na ukiifungua utauona mteremko kwa macho yako:

```
QGC WPL 110
0  1  0  16  0   0  0  0  -9.050000  32.950000  1560  1
1  0  3  22  0   0  0  0  0          0          80    1
2  0  3  16  0   0  0  0  -9.050200  32.950000  80    1
3  0  3  206 16  0  0  0  0          0          0     1
4  0  3  16  0   0  0  0  -9.050200  32.955820  80    1
5  0  3  16  0   0  0  0  -9.050526  32.955820  77.3  1
6  0  3  16  0   0  0  0  -9.050526  32.950000  77.3  1
```

Kila mstari wa faili ni agizo moja. Namba ya nne ndiyo aina ya agizo: 22 ni kuruka, 16 ni kwenda kwenye kituo, na 206 ni kupiga picha kila baada ya umbali fulani, hapa mita 16. Latitudo na longitudo ziko upande wa kulia, zikifuatwa na urefu. Vituo vya 2 na 4 ni ncha mbili za mstari wa kwanza wa safari. 5 na 6 ni za mstari wa pili, ulioshushwa hadi mita 77.3.

Tazama sasa namba ya tatu, ile 3 iliyojirudia. Hiyo ndiyo inayoiambia droni kwamba urefu upimwe kutoka mahali iliporukia. Ikiwekwa 10 badala yake, droni hupima urefu kutoka kwenye ardhi iliyo chini yake kwa kufuata ramani ya miinuko iliyopakiwa ndani yake. Hiyo ndiyo njia ya tatu, na kwenye skrini hupatikana kwa kuchagua `Terrain` mahali palipoandikwa `Relative`. Ni njia nzuri, ila ijulikane miinuko hiyo imetoka wapi. Kwa sehemu kubwa ya Afrika, hutokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000. Mnara wa simu uliosimikwa baadaye haumo. Shamba la mikaratusi lililopandwa baadaye halimo. Na vipimo vyenyewe viko mbalimbali, kila baada ya mita 30 au 90, kwa hiyo korongo jembamba hupotea. Hakuna ramani ya miinuko inayoondoa haja ya kulizunguka shamba kwa miguu na kuutazama mti mrefu kuliko yote.

Kibali cha kurusha hutafutwa mapema, Tanzania kwa TCAA na Kenya kwa KCAA, na majirani wa shamba huambiwa. Hilo halina mjadala. Siku yenyewe, jambo la kuangalia zaidi ni mwanga. Watu wengi huambiwa waruke saa sita mchana ili vivuli viwe vifupi. Huku kwetu karibu na Ikweta ushauri huo una kasoro: kuna miezi ambayo jua la adhuhuri huwa utosini kabisa, na kila picha hupata doa jeupe pale ambapo jua, kamera na ardhi viko katika mstari mmoja. Doa hilo husafiri na droni, na kwenye ramani hujitokeza kama mabaka ya mahindi yaliyofifia ambayo hayapo shambani. Saa tatu na nusu hadi saa nne na nusu asubuhi hunipa picha bora, na mara nyingi upepo bado haujaamka. Anga lililofunikwa lote na mawingu linafaa pia. Kinachosumbua ni mawingu ya vipandevipande, ambayo hulitia shamba moja rangi mbili.

Upepo una madhara mawili. Kwanza hula betri. Pili hutikisa majani, na kompyuta inayotafuta jani lilelile katika picha tano inalikuta limehama mara tano. Katika wiki ya tano udongo bado unaonekana kati ya mistari, na udongo hautikisiki, ndiyo maana picha za wakati huo huungana kwa urahisi. Mahindi yakishatoa mbelewele shamba zima huwa zulia la kijani lisilo na alama. Wakati huo ongeza kulaliana hadi asilimia 85 na 75, na uruke juu zaidi, ili kila picha ishike kitu kingine kisichofanana na mahindi: njia, kichuguu, mti, ukingo wa mfereji.

Kabla ya kuondoka shambani, hesabu picha. Zilitakiwa 533, zikiwa 490, kuna mstari ambao kamera haikupiga, na ni heri kulijua hilo betri zikiwa bado za moto. Fungua picha kumi kutoka sehemu mbalimbali uzikuze. Kwa mwendo wa mita 6 kwa sekunde, kamera iliyofungua jicho lake kwa sehemu ya elfu ya sekunde inakuwa imesogea milimita 6, ambazo haziwezi kuonekana. Ikifungua kwa sehemu ya mia, inasogea sentimita 6, karibu pikseli tatu, na mstari wa mahindi unakuwa ukungu. Hakuna programu itakayourudisha.

Nyumbani kazi inakuwa ya kompyuta. Programu huria ya WebODM hutosha kwa shamba kama hili, na hailipiwi ukiisakinisha mwenyewe. Kwanza hupekua kila picha kutafuta maelfu ya vijialama vinavyotambulika: jiwe, ufa wa udongo, bua lililolala. Kisha hutafuta vijialama hivyohivyo katika picha jirani. Kutokana na ulinganisho huo hukokotoa kamera ilikuwa wapi na imeinamaje kila ilipopiga, na vilevile umbo la ardhi yenyewe. Mwisho huzitandaza picha juu ya umbo hilo na kuzinyoosha, hata kila sehemu ikaonekana kama imetazamwa kutoka juu yake moja kwa moja. Hatua hiyo ya umbo ndiyo inayoitofautisha ramani na picha zilizobandikwa tu. Bila hiyo, sehemu ya mlimani ingetoka kubwa kuliko ya bondeni, na urefu wowote ungepimwa kwa makosa.

Faili inayotoka huitwa `odm_orthophoto.tif`, lakini mimi huanza na ripoti. Humo mna idadi ya picha zilizotumika kati ya zilizopakiwa, na mchoro wa rangi unaoonyesha kila sehemu ya shamba imeonekana katika picha ngapi. Picha 525 kati ya 533 zikikubaliwa, na zile nane ziko pembezoni, kazi ni safi. Zikikataliwa 60 na zote zikawa za upande mmoja, angalia mteremko: karibu kila mara huo ndio upande uliokuwa juu. Waweza kujaribu kuongeza `min-num-features`, ambayo kwa kawaida ni 10000, ili programu itafute vijialama vingi zaidi. Katika shamba la mimea hilo husaidia wakati mwingine. Lakini kama kulaliana kulishuka hadi asilimia 50, usipoteze usiku wa pili. Rudi ukaruke tena ukianzia juu.

Katika ramani yenyewe, tazama vitu ambavyo unajua umbo lake. Barabara iliyonyooka ikitoka na mkunjo, ukuta ukikatika, mti mmoja ukionekana mara mbili, picha za hapo hazikuungana sawasawa. Kosa gumu zaidi kuliona ni la miinuko: picha zote zikipigwa chini moja kwa moja katika mistari sambamba, kasoro ndogo ya lenzi inaweza kuhesabiwa kama umbo la ardhi, na shamba lililo sawa likabinuka katikati. Anayetaka kujua maji yatatiririkia wapi asiiamini ramani ya miinuko ambayo haikulinganishwa na pointi zilizopimwa ardhini.

Pointi hizo ni vibao vya rangi nyeupe na nyeusi, vya sentimita 60 hivi, vinne pembeni na kimoja katikati, vilivyopimwa kwa kipokezi cha GPS cha usahihi wa sentimita. GPS ya kawaida ya droni hukosea kwa mita kadhaa. Kwa kutafuta mapengo ndani ya ramani moja kosa hilo halidhuru, kwa kuwa ramani nzima imesogea pamoja. Kwa kulinganisha ramani ya wiki ya tano na ya wiki ya tisa linadhuru sana, kwani pengo la mita mbili litaonekana limehama. Na kwa mipaka ya ardhi yenye mgogoro, ramani hii haichukui nafasi ya mpima ardhi aliyesajiliwa.

Zanzibar ilianza kazi hii kwa kipimo kikubwa mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi ikishirikiana na Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kupiga ramani ya Unguja na Pemba. Huko zilitumika droni zenye mabawa kama ndege, zinazokaa hewani muda mrefu na kufunika eneo kubwa kwa safari moja. Kwa shamba la ekari 60 droni ya mapanga manne inatosha, na mteremkoni ina faida zaidi, kwa sababu hupanda na kushuka popote ilipo.

Kwa mwenye shamba letu la Mbozi, ramani itasema mapengo yako wapi na yana ukubwa gani. Haitasema kama chanzo ni mbegu mbovu, panya au maji. Kwa hilo chukua ramani kwenye simu, tembea hadi kwenye baka lenyewe, na uchimbe. Na faili ya mpango usiifute. Vibao vikibaki mahali pake na droni ikirukia palepale, mistari 13 ileile itarudiwa kabla ya mavuno, na ramani mbili zitaweza kuwekwa juu ya nyingine na kulinganishwa mita kwa mita.